Mashine Moja, Vichwa Vingi: Mapunye na Usafi wa Vibanda vya Kinyozi

Haya ni maelezo ya Ofisi ya Afya ya Kata, yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi kabla ya shule kufunguliwa. Yamechapwa kwa ajili ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Siku ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mwezi Januari na tena mwezi Julai, hakuna kibanda cha kinyozi kisicho na foleni ya watoto. Shule zinadai vichwa vilivyonyolewa, na wazazi walio wengi huikumbuka habari hiyo Jumapili mchana. Kinyozi anayehudumia wateja wachache kwa siku ya kawaida hujikuta na benchi lililojaa watoto, kila mmoja na noti yake mkononi. Mashine hutoka kichwa hiki ikaingia kichwa kile, na hupumzika pale tu umeme unapokatika. Siku hiyo, kuliko siku nyingine zote za mwaka, ndiyo siku ambayo mapunye hupata usafiri.

Inafaa kueleza kwanza mapunye ni kitu gani, kwa sababu jina linajulikana kuliko ugonjwa wenyewe. Mapunye hayaletwi na uchafu, wala si adhabu ya mtoto asiyependa kuoga. Ni fangasi. Fangasi huyu hula dutu ngumu iitwayo keratini, ambayo ndiyo inayounda nywele, kucha na tabaka la juu kabisa la ngozi. Akitua juu ya kichwa cha mtoto, hukaa kwanza kwenye ngozi, kisha huufuata unywele na kushuka nao ndani ya kishimo chake karibu na mzizi. Unywele ulioingiliwa hupoteza nguvu. Hukatika pale pale kwenye usawa wa ngozi, au milimita chache juu yake, na ndiyo maana kichwa chenye mapunye huonyesha viraka vyenye nukta nyeusi au vishina vifupi vya kijivu, kama shamba lililofyekwa na kuachwa.

Kile kishina kilichokatika ndicho kiini cha mazungumzo haya. Ndani yake au juu yake mna vijimbegu vya fangasi, vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuviona, na kipande kimoja cha unywele huvibeba kwa wingi. Vijimbegu hivyo havihitaji damu wala jasho ili viishi. Ndani ya kipande cha unywele mkavu, au katika gamba la ngozi lililobanduka, vinaweza kudumu kwa miezi mingi vikisubiri kichwa kingine. Mkazi anayedhani kwamba mashine iliyokaa siku tatu bila kutumiwa imejisafisha yenyewe anafikiria habari za ugonjwa mwingine.

Sasa mashine yenyewe. Meno ya mashine ya kunyolea ni vibati viwili vilivyolaliana: kimoja kimetulia, kingine kinakwenda na kurudi juu yake kwa kasi. Nywele hukatwa katikati ya hivyo viwili. Si vipande vyote vinavyodondoka chini. Vingine hunaswa ndani. Kinyozi naye, kwa haki kabisa, hudondoshea mafuta ya cherehani ili vibati visikwaruzane na kupata moto. Mafuta hayo yakikutana na vumbi la nywele na magamba ya ngozi hufanya kitu kama uji mzito unaojificha nyuma ya meno, mahali ambapo mteja haoni na kitambaa hakifiki. Mashine ikiwashwa, uji huo hutolewa kidogo kidogo juu ya kichwa kinachofuata. Na kwa kuwa meno huacha mikwaruzo midogo isiyotoa damu wala kuuma, hasa pale mtoto anaponyolewa upara, vijimbegu hupata ngozi iliyokwisha kufunguliwa mlango.

Wazazi wengi huuliza kwa nini baba na mwana hunyolewa na mashine moja, siku moja, akapata mapunye mwana peke yake. Jibu limo katika mafuta ya ngozi. Mtu akibalehe, tezi za kichwani hutoa mafuta mengi zaidi, na ndani yake mna aina za asidi ambazo fangasi huyu hazipendi. Kichwa cha mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na miwili hakina kinga hiyo. Hata hivyo mtu mzima anaweza kubeba vijimbegu kichwani bila kiraka wala mwasho wowote, na mtoto pia anaweza. Kwa hiyo kinyozi hawezi kuwatenga wagonjwa kwa kuwatazama tu. Hata mwenye macho makali kuliko wote atampitisha mmoja.

Tuchukue mfano, hatua kwa hatua. Mtoto wa miaka saba, wa darasa la pili, ananyolewa Jumapili. Mbele yake katika foleni alikuwapo mwenzake mwenye kiraka kidogo nyuma ya sikio, ambacho mama yake alikipaka mafuta ya mgando ili kisionekane. Jumatatu mtoto wetu anakwenda shule akiwa msafi. Wiki ya kwanza inapita bila dalili. Baina ya siku ya 10 na ya 14 anaanza kujikuna, na bibi yake anaona unga mweupe utosini. Anasema ni mba.

Hapa pana kosa la kwanza, na ndilo la kawaida kuliko yote. Mba wa kweli ni ugonjwa wa vichwa vyenye mafuta mengi, yaani vya watu waliobalehe na vya watoto wachanga. Mtoto wa shule ya msingi mwenye unga mweupe kichwani adhaniwe ana mapunye mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama nywele bado hazijakatika. Wakazi wakikumbuka jambo hilo moja, watoto wengi watafika zahanati mwezi mmoja mapema zaidi.

Katika wiki ya nne kiraka cha mviringo kimejitokeza, ukubwa wa sarafu. Mama ananunua krimu ya fangasi dukani. Anapaka asubuhi na jioni kwa uaminifu. Mwasho unapungua, magamba yanatoweka, familia inafurahi; baada ya wiki mbili tatu kiraka kinarudi kikiwa kipana zaidi, na pembeni yake kimezaa kingine. Krimu haikuwa bandia. Ilifanya kazi juu ya ngozi tu, na fangasi alikuwa amejichimbia ndani ya unywele, chini, kule ambako krimu haifiki. Kwa sababu hiyo mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza, tofauti na choa cha mkononi au tumboni ambacho krimu inaweza kukimaliza.

Ubaya huzidi pale krimu inapokuwa ile ya mchanganyiko, yenye steroidi ndani yake. Steroidi huzima wekundu na mwasho ndani ya siku mbili, na kwa hiyo husifiwa sana mtaani. Lakini imezima kengele tu. Mwizi bado yumo ndani, na sasa ulinzi wa ngozi umelegezwa ili afanye kazi kwa nafasi. Kuhusu wanaopaka mafuta ya taa au kusugua kitunguu saumu mpaka ngozi iungue, itoshe kusema kwamba zahanati hulazimika kutibu kidonda kwanza kabla ya kutibu mapunye.

Kwa baadhi ya watoto mwili hukasirika. Kiraka huvimba, huwa laini kama tunda lililoiva mno, nywele hung'oka zikishikwa, usaha hutoka katika matundu mengi madogo, na tezi za kisogoni huvimba na kuuma. Kila aonaye husema ni jipu. Mtoto hupelekwa kupasuliwa, au hupewa dawa za bakteria peke yake wiki baada ya wiki. Uvimbe wa namna hiyo, ambao waganga huuita kerioni, haupasuliwi. Ni mapunye yale yale, na dawa yake ni ile ile ya fangasi ya kumeza, pamoja na nyingine kadiri mganga atakavyoona. Ukicheleweshwa, vishimo vya nywele hufa na kovu hubaki, na pale penye kovu nywele hazioti tena maisha yote. Hapo ndipo ugonjwa unaodharauliwa kuwa wa watoto humwekea mtu alama ya kudumu.

Mtoto wa mfano wetu ana bahati. Katika wiki ya nane anafikishwa zahanati. Mganga anatazama nukta nyeusi, anashika tezi za shingoni, na panapokuwa na maabara anakwangua magamba pamoja na vishina vya nywele ili vitazamwe kwa darubini. Huangalia pia kama kiraka ni kilaini bila unga wala vishina, kwa sababu upo ugonjwa mwingine unaoangusha nywele za mviringo bila kuwa na fangasi, na huo hauambukizi mtu. Akithibitisha mapunye, huandika vidonge kufuatana na uzito wa mtoto. Dawa iliyotumika kwa miaka mingi zaidi ni griseofulvini, na huchukua wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi. Tebinafini huchukua muda mfupi zaidi. Griseofulvini hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, mathalani maziwa, karanga au chakula kilichopikwa kwa nazi. Mtoto anayeimeza kwa chai ya rangi akiwa na njaa hupoteza sehemu ya dawa aliyonunuliwa. Shampuu ya ketokonazoli, mara mbili kwa wiki, haiponyi peke yake ila hupunguza vijimbegu vinavyomwagika kwa wengine.

Mzazi aulize gharama ya dawa yote siku ya kwanza. Nywele huanza kurudi katikati ya matibabu, na hapo ndipo wengi huacha kwa sababu fedha zimekwisha na kichwa kinaonekana kizuri. Vijimbegu vilivyobaki ndani ya unywele havijali kichwa kinavyoonekana.

Turudi sasa kwenye kiti cha kinyozi, ambako safari ilianzia. Haitakuwa haki kuwabebesha vinyozi mzigo wote. Mapunye hupita pia kwenye mto wanaolalia ndugu watatu, kwenye kofia ya kuazimana, kwenye kitana cha nyumbani, na aina nyingine hutoka kwa paka na mbwa wadogo wanaobebwa na watoto. Lakini kinyozi ana kitu ambacho hao wengine hawana: kifaa kimoja kinachogusa vichwa vya mtaa mzima. Akikisafisha, amefanya kazi ambayo zahanati haiwezi kumfanyia.

Kusafisha kuna hatua mbili, na kosa la vibanda vingi ni kuruka ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kuondoa nywele na mafuta. Mashine izimwe na kuchomolewa kwenye umeme, meno yaelekezwe chini, yapigwe kwa brashi ngumu mpaka hakuna unywele unaoonekana. Mashine nyingi hushikiliwa meno na skrubu mbili; zikifunguliwa, ule uji ulio nyuma huonekana, na kinyozi ambaye hajawahi kufungua atashangaa. Ufutwe wote. Dawa yoyote ya kuua vijidudu, iwe ya bei gani, haipenyi ndani ya nywele zilizogandana kwa mafuta.

Hatua ya pili ni dawa yenyewe, na dawa inataka muda. Meno yaliyokwisha kupigwa brashi yatumbukizwe katika spiriti ya asilimia 70, kwenye kopo lenye kifuniko, kwa dakika 10. Kile kitendo cha kupuliza spiriti mara mbili na kuendelea na mteja anayefuata hulowesha meno kwa sekunde chache kabla haijakauka. Si bure kabisa, lakini si kazi iliyokamilika, na baada ya kichwa chenye mapunye hakitoshi. Spiriti kali zaidi, ya asilimia 95, si bora kama wengi wanavyodhani. Hukauka upesi mno, na maji kidogo ndani ya spiriti husaidia kuipenyeza. Spiriti hushika moto, kwa hiyo meno yakauke kabisa kabla mashine haijachomekwa, na sigara ikae mbali. Mwisho hudondoshewa mafuta mapya.

Dakika 10 ni nyingi mbele ya foleni ya Jumapili, na vinyozi wamelisema hilo bila kificho. Njia iliyo rahisi ni kuwa na meno ya akiba: seti moja ikiwa kwenye kopo, nyingine iko kazini. Meno ni nafuu kuliko mashine. Mwenye mashine mbili anaweza kuzipokezana vivyo hivyo.

Zile namba za plastiki zinazovalishwa mashine, pamoja na vitana, zioshwe kwa maji na sabuni, kisha zilowekwe dakika 10 katika dawa ya klorini. Dawa ya kufulia ya majimaji yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji safi, na mchanganyiko hutengenezwa upya kila siku. Baadaye plastiki isuuzwe ili isichome ngozi. Klorini haifai kwa meno ya chuma. Huyatia kutu, na meno yenye kutu hukwaruza zaidi.

Inafaa kusimama kidogo kwenye lile kasha lenye taa ya zambarau, kwa sababu limekuwa fahari ya vibanda vingi na wateja hulipa zaidi kwa ajili yake. Mwanga wa aina hiyo, hata unapokuwa wa kweli, huua kile tu unachokiangazia uso kwa uso. Hauingii nyuma ya meno, haupiti ndani ya unywele, wala haupenyi mafuta. Mashine iliyolazwa ndani ya kasha bila kupigwa brashi imeangaziwa mgongo. Zaidi ya hayo, makasha mengine yana taa ya rangi tu isiyo na nguvu yoyote, na mteja hana namna ya kutofautisha kwa macho. Kasha ni mahali pazuri pa kuhifadhi vifaa vilivyokwisha kusafishwa ili visipate vumbi. Lisihesabiwe kuwa zaidi ya hapo.

Jambo la damu litajwe kwa kifupi. Mashine inayonyoa karibu sana na ngozi huweza kutoa damu isiyoonekana. Watafiti wa Cape Town, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walikusanya mashine 50 za vinyozi na kuzipima. Walikuta mabaki ya damu kwenye nyingi, na virusi vya homa ya ini aina B kwenye chache. Virusi hivyo vinaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na chanjo yake ipo. Kwa hiyo wembe wa kuchonga kingo uwe mpya, ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya mteja, na utupwe baada ya kichwa kimoja. Mashine iliyotoa damu isiendelee na mwingine kabla ya hatua zote mbili zilizotajwa.

Basi mzazi atazame nini kabla mtoto hajaketi? Aanze na kichwa cha mtoto wake mwenyewe, nyumbani, penye mwanga wa jua, akizipekua nywele kisogoni, utosini na nyuma ya masikio. Akikuta unga, nukta nyeusi au kiraka, safari ya siku hiyo iwe ya zahanati. Kukipaka mafuta kiraka ili kinyozi asikione ni kumpelekea ugonjwa mtoto wa jirani, na jirani naye ana mashine ya kinyozi yule yule wa kumrudishia.

Akifika kibandani, atazame mashine kwa karibu kabla haijawashwa. Vipande vya nywele katikati ya meno, au utando wa rangi ya majivu, ni ushahidi wa kutosha. Atazame kama kuna brashi ngumu na kopo la spiriti, na kama spiriti iliyomo ni safi au imegeuka kuwa supu ya nywele. Atazame pia ile brashi laini ya kupangusia shingo na kile kitambaa cha kufungia shingoni. Wengi husahau vitu hivyo viwili, ingawa brashi laini hukusanya vijimbegu vya kila kichwa na ni vigumu kuitakasa kuliko chuma. Mtoto anaweza kupanguswa kwa kitambaa kilichotoka nyumbani. Mzazi mwenye uwezo wa kununua mashine ndogo ya familia, au hata meno yake tu yanayoingia kwenye mashine ya kinyozi, amepunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ila asiyaazime.

Kuuliza si ugomvi. "Fundi, naomba uzime mashine uipige brashi na spiriti kabla hujamnyoa kijana" ni maneno yanayosemeka kwa heshima, na kinyozi anayejua kazi yake hachukii. Atakayejibu kwamba mashine ilisafishwa asubuhi amekwisha kutoa jibu linalotakiwa: imepita vichwa vya mchana kutwa. Mzazi anaweza kusubiri au kuondoka. Anayeona kibanda kikiendelea hivyo hivyo apeleke taarifa kwa afisa afya wa kata, ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa mamlaka ya kukagua. Ukaguzi huanza kwa maelekezo, na vinyozi wengi hurekebisha mambo hapo hapo mara waonyeshwapo kilichokuwa nyuma ya meno.

Kinyozi naye afanye nini akiletewa mtoto mwenye kiraka? Wengine humfukuza mbele za watu. Njia hiyo ina ubaya wake, kwani mtoto huyo atanyolewa kibanda cha pili, na safari hii kiraka kitafichwa vizuri zaidi. Yafaa amwite mzazi pembeni, amweleze, na amwelekeze zahanati. Ikiwa amekwisha kumnyoa ndipo akagundua, meno hayo yaende kwenye kopo mara moja, nywele zifagiliwe na kufungwa kwenye mfuko, zisipeperushwe na upepo kuelekea benchi la wanaosubiri.

Linabaki suala la shule. Mtoto mwenye mapunye halazimiki kunyolewa ili apone, na aliyekwisha kuanza vidonge hana sababu ya kukosa masomo. Walimu wakuu wanaombwa kumpokea mtoto mwenye cheti cha zahanati hata kama nywele zake zimezidi kipimo, kwa wiki zile za matibabu. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele atapelekwa kwa kinyozi jioni ile ile akiwa na kiraka chake, na foleni itaanza upya.

Nyumbani, siku dawa inapoanza, ndugu wote wa mtoto wakaguliwe vichwa, hata wasiojikuna. Foronya, taulo na kofia zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kitana cha zamani kitupwe. Mtoto arudi zahanati wiki ya sita au ya nane, hata kama nywele zimeota zote, ili mganga aamue kama vidonge vinakoma au vinaendelea. Kabla ya siku hiyo asikae kwenye kiti cha kinyozi chochote.